Sanduku la Karatasi: Habari za Hati Katika Maboma Yetu, na Orodha ya Mahali Zilipo



Baada ya hesabu za fedha na majina ya waliolipa ada, halmashauri huacha kurasa chache za habari za kale. Safari hii nimeagizwa niandike juu ya karatasi zetu za nyumbani: zilitujiaje, kwa nini huwekwa tusikojua, na orodha ya mahali zilipo ambayo wanachama kadhaa wameanza kuitumia huku Bondo ni kitu gani. Sababu ya agizo hili inajulikana na kila aliyepeleka rambirambi za Chama. Mara nyingi tunafika kwenye boma lenye msiba, na baada ya mazishi tunakuta watoto wamepiga magoti mbele ya sanduku la chuma, wakipekua, na hakuna hata mmoja anayejua wanachokitafuta kimo humo au hakimo.

Karatasi ya kwanza ambayo serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume wa huku aitunze haikuhitaji orodha. Ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 aliandikwa jina, ukoo na mwajiri wake, akatiwa alama za vidole, na karatasi hiyo ikafungiwa ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Watu walikichukia, wakasema kuwa kimewafanya kama mbuzi waliofungwa kengele. Lakini tukitazama kwa jicho la karani, na jambo hili nalisema bila kukisifu kipande hata kidogo, ilikuwa karatasi ambayo mahali pake hapakuwa na shaka. Mke alijua ilipo, mtoto alijua ilipo, na mwenyewe hakuweza kuisahau. Mwaka 1947 sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote ilikiondoa, na tangu hapo karatasi zetu zimehama kutoka shingoni kwenda mahali pa siri.

Kabla ya kipande ilikuwako stakabadhi ya kodi ya kibanda, iliyoingia Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kodi ilihesabiwa kwa nyumba, na mwenye wake watatu alitozwa kwa nyumba za wote watatu. Stakabadhi hiyo ilikuwa ulinzi wake pekee, maana asiyeweza kuionyesha alikuwa katika hatari ya kulipa mara ya pili. Hapo ndipo wazee walipojifunza kuficha karatasi: ndani ya nyasi za paa, ndani ya kibuyu, chini ya kitanda cha mikayi. Nadhani tabia hii ya kuficha haijatutoka hata leo. Karatasi iliyofichwa vizuri haionwi na mwizi, wala haionwi na mtoto wa mwenye nyumba.

Kisha ikaja haja ya karatasi ya ardhi, na hii tuliidai wenyewe. Mwaka 1920 nchi iligeuzwa kuwa Koloni, na mwaka uliofuata hukumu ya mahakama kuu ikaeleza kuwa Mwafrika si mwenye ardhi anayoikalia, bali ni mpangaji wa Mfalme ambaye aweza kuondolewa. Habari hizo zilitia hofu kubwa. Mwezi wa Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika Gem, na hapo kikaanzishwa chama cha vijana wa Kavirondo, ambacho wazee wetu walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti wake. Madai yao yalikuwa mengi: kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi zifungwe, na pamoja na hayo walitaka watu wapewe hati za kumiliki ardhi yao. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha walipa kodi na maslahi ya watu wa Kavirondo, chini ya Askofu Mdogo Owen wa misheni ya Anglikana. Vyama vya maslahi kama hiki chetu ni wajukuu wa chama kile. Basi hati ya shamba, ambayo leo mtu huiacha ikiliwa na mchwa, ni kitu kilichodaiwa na babu zetu kwenye baraza kabla hata mmoja wao hajapata kuiona.

Ilichukua muda mrefu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianza kupima na kuandikisha mashamba, na kazi ikatangulia katika nchi ya Wakikuyu. Huku kwetu watu wengi waliushuku, kwa kuwa hawakutaka vipande vyao vya shamba viunganishwe. Mwaka 1963 ilitungwa sheria ya ardhi iliyoandikishwa, na mwaka 1968 ikafuata sheria ya kuamua mashamba ya kienyeji, ambayo iliruhusu kila kipande kiandikwe pale kilipo bila kuunganishwa na kingine. Kwa sheria hiyo kamati ya wazee ilikaa shambani, mipaka ikaonyeshwa, rejista ikaandikwa, na watu wakapewa siku 60 za kuleta pingamizi. Baada ya hapo shamba lilipata namba chini ya jina la kata na jina la sehemu, na mwenyewe akaitwa kwenda ofisi ya ardhi kulipa ada na kuchukua hati.

Neno hilo la kwenda kuchukua ndilo lililotuletea taabu. Wengi hawakwenda. Ofisi ilikuwa mbali, ada ilihitajiwa, na mzee aliona kuwa mipaka ameshaonyeshwa mbele ya kamati na majirani, kwa hiyo karatasi yaweza kungoja. Akafa kabla hajaichukua. Watoto wake, na sasa wajukuu wake, hutafuta katika sanduku hati ambayo haijapata kuingia ndani ya boma hata siku moja.

Upande wa kuzaliwa nao una historia yake. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini kwa Waafrika uandikishaji wa lazima ulianza kuenezwa mwaka 1963, wilaya baada ya wilaya, hata ukaifikia nchi nzima mwaka 1971. Kwa sababu hiyo wazee wetu waliozaliwa kabla ya hapo hawana cheti kilichoandikwa wakati wa kuzaliwa kwao. Walicho nacho ni kadi ya ubatizo, na nyuma ya kadi hiyo ni kitabu cha misheni ambamo jina, siku na majina ya wazazi yaliandikwa kwa mkono wa padri au mchungaji. Kadi ikipotea, kitabu chaweza kuwapo bado, mradi ijulikane ni misheni gani na takriban mwaka gani.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanafundisha jambo moja ambalo orodha nzuri ya nyumbani imejengwa juu yake. Karatasi zetu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ambayo mama yake anakaa ofisini: cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, kadi ya ubatizo, kitambulisho. Karatasi iliyomo nyumbani ni mtoto tu. Rejista ndiyo mama. Hati ya shamba ikiungua, shamba halijaungua, maana sheria huiamini rejista kwanza na hati ni ushahidi wake. Namna ya pili ni karatasi isiyo na mama: mapatano ya kununua shamba yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, stakabadhi ya duka, karatasi ya dhamana ya injini. Hii ikipotea imepotea. Kwa karatasi ya kwanza, kitu cha kulindwa hasa ni namba. Kwa ya pili, kitu cha kulindwa ni karatasi yenyewe, pamoja na nakala yake iliyowekwa mahali pengine.

Orodha ninayoisema haikubuniwa na mtu wa huku. Imetoka katika kazi ya ukarani. Katika ofisi yoyote yenye mafaili mengi kuna daftari linaloonyesha faili namba fulani liko kabati gani. Na faili likiondolewa, mahali pake huachwa kadi inayosema nani amelichukua na siku gani. Karani asiyeacha kadi hiyo huwatesa wenzake wote. Orodha ya nyumbani ni daftari hilohilo, lililopunguzwa hata likawa ukurasa mmoja au miwili. Haihifadhi karatasi, bali inasema zilipo. Kila mstari una mambo matano: karatasi ni ipi na ya nani, namba yake, iko wapi hasa, ina mama ofisini au haina, na kama inaye, ni ofisi gani, na siku ya mwisho ilipoonekana kwa macho.

Jambo hilo la mwisho huachwa na wengi, nami naliona kuwa ndilo linaloifanya orodha iwe ya kweli. Mtu akiandika kuwa hati imo katika sanduku la bluu, ameandika anachoamini. Akiandika kuwa aliiona katika sanduku la bluu tarehe 27 Desemba, ameandika alichokishuhudia.

Sasa tuwaze boma moja katika Sakwa, si boma la mtu fulani, tuone kazi inavyokwenda. Mwenye boma alizaliwa mwaka 1948. Ana nyumba mbili, watoto wengi kiasi, na mwana wa kwanza afanyaye kazi Kisumu. Wakati wa sikukuu za Desemba, watoto wakiwa wamerudi, mzee anakubali orodha iandikwe. Wanakaa nje chini ya mti: mzee, mikayi, mke wa pili, na mwana wa kwanza akiwa na kalamu. Sanduku linaletwa, na kila karatasi inatolewa, inasomwa kwa sauti, inaandikwa, inarudishwa.

Wanaanza na shamba la boma lenyewe. Mzee ana hakika kwamba hati imo ndani ya bahasha ya kaki. Bahasha inafunguliwa, na kilichomo ni karatasi ndogo ya wakati wa kamati ya mipaka, yenye namba ya shamba na jina la babu, aliyefariki mwaka 1979. Hati yenyewe haimo, na mzee akiulizwa vizuri anakumbuka kuwa hakuna aliyekwenda kuichukua. Basi mstari wa kwanza unaandikwa hivi: hati ya shamba la boma, jina la babu, namba fulani, haijachukuliwa, mama yake ni rejista ya ofisi ya ardhi, karatasi ya kamati imeonekana leo. Mstari huo mmoja umeokoa miaka ya kupekua. Kwa namba hiyo mwana aweza kuomba upekuzi rasmi, ndio watu huuita sachi, ajue rejista inasema nini. Aweza pia kuanza kesi ya mirathi ya babu, ambayo kwa sheria ya urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 hutaka cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi.

Hapa niongeze jambo dogo. Karatasi za zamani hutaja Nyanza ya Kati, za baadaye hutaja Siaya, na baada ya mwaka 1998, Bondo ilipofanywa wilaya, nyingine hutaja Bondo. Anayeandika orodha na aliandike jina kama lilivyo juu ya karatasi, asilisahihishe. Ofisini atahitaji jina lile la zamani ili rejista ipatikane.

Mstari wa pili ni kiwanja ambacho mzee alikiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Hati yake pia haionekani. Mwana wa kwanza anasema imepotea, na kwamba yafaa waanze utaratibu wa kupata mpya: kutoa taarifa ya upotevu polisi, kuapa hati ya kiapo, na kungoja tangazo la siku 60 katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla msajili hajatoa hati nyingine. Utaratibu huo ni wa kweli, na ndio sheria. Lakini mke wa pili anakohoa, kisha anauliza kwa upole kama baba hakuiweka hati hiyo mahakamani mwaka 2015, mtoto wa nduguye alipokamatwa. Ndivyo ilivyokuwa. Iliwekwa iwe dhamana ili kijana aachiwe, kesi ikaisha, na hakuna aliyerudi kuichukua. Kama mwana angekwenda kuapa kuwa hati imepotea, angeapa uongo bila kujua. Mstari unaandikwa: hati ya kiwanja, iko mahakamani, kesi ya mwaka 2015, stakabadhi ya mahakama imeonekana ndani ya Biblia ya mikayi. Mtu aliyemsimamia mshtakiwa aweza kuiomba hati yake irudishwe kesi inapomalizika, na namba ya kesi pamoja na stakabadhi ndizo zitakazomfungulia mlango.

Wazee watanisamehe nikisema kwamba tukio la namna hii ni la kawaida kuliko wizi. Karatasi nyingi tunazoziita zilizopotea zimekopeshwa. Zimo mahakamani, au benki kwa ajili ya mkopo, au shuleni alikoandikishwa mtoto, au kwa shemeji aliyeomba kupiga nakala. Ndiyo maana maboma yenye orodha huiga ile kadi ya ofisini. Kipande cha karatasi huachwa ndani ya sanduku, mahali ilipokuwa hati, chenye jina la aliyeichukua, siku, na kazi inayokwenda kufanya.

Mstari wa tatu ni mgumu kuliko yote. Mwaka 2009 mzee alinunua shamba dogo kwa jirani. Mapatano yaliandikwa juu ya karatasi ya daftari la shule, yakatiwa sahihi na mashahidi wanne, na fedha zikahesabiwa mezani. Karatasi hiyo imo, imekunjwa mara nne, na mstari wa kukunja umekwisha kula jina la shahidi mmoja. Lakini idhini ya Bodi ya Ardhi haikuombwa kamwe. Sheria ya kudhibiti ardhi ya mwaka 1967 hutaka ombi lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano, na bila idhini mapatano ya shamba la kilimo hayana nguvu, ingawa mahakama imepewa uwezo wa kuongeza muda kwa sababu ya kutosha. Karatasi hii haina mama. Ikiliwa na panya, mnunuzi anabaki na maneno matupu dhidi ya watoto wa muuzaji. Kwa hiyo inaandikwa katika orodha kwa wino mwekundu, nakala 2 zinapigwa, moja inakwenda Kisumu na nyingine kwa shahidi aliye hai, na pembeni panaandikwa majina ya mashahidi, nani yu hai na nani ameaga. Orodha haiwezi kuponya kosa la idhini. Inachoweza ni kulionyesha mapema, wakati muuzaji bado yupo na anaweza kufika mbele ya bodi kwa miguu yake mwenyewe.

Vyeti vya kuzaliwa vinafuata. Mama wa nyumba ya kwanza analeta karatasi tano za watoto watano, zimefungwa pamoja kwa uzi. Zikisomwa, tatu ni vyeti, moja ni cheti cha mtoto ambaye sasa ameolewa Alego na anapaswa kupelekewa, na ya tano si cheti. Ni arifa ya uzazi, ile karatasi ambayo hospitali hutoa, au naibu wa chifu kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani. Mama ameitunza miaka 11 akiamini ni cheti chenyewe. Kosa hili liko katika nyumba nyingi, na kulitambua ni rahisi: arifa husema kuwa uzazi umeripotiwa, na cheti hutolewa na msajili baada ya kuombwa na kulipiwa. Arifa ina namba, na namba hiyo ndiyo itakayorahisisha kuomba cheti kabla mtoto hajafikia mtihani au kitambulisho. Katika orodha inaandikwa arifa, haiandikwi cheti.

Kadi ya ubatizo ya mzee imefifia, lakini jina la misheni na mwaka vinasomeka. Vinanakiliwa.

Mwisho ni stakabadhi na dhamana za bidhaa, na hapa wengi huchoka wakatupa zote au wakahifadhi zote. Mzee huyu amehifadhi kila stakabadhi ya sukari tangu miaka mingi. Hizo haziingii orodhani. Zinazoingia ni za vitu vya thamani vilivyomo bado: mabati ya nyumba mpya, pampu ya maji, injini ya mashua ambayo mwana wa pili huitumia kuvua. Kwa pampu, dhamana ni ya miezi 12. Karatasi ya dhamana peke yake haitoshi, kwani muuzaji atauliza stakabadhi yenye tarehe, na atalinganisha namba iliyopigwa juu ya chuma cha pampu na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Stakabadhi ikitolewa ndani ya bahasha inaonekana nyeupe tupu, maandishi yametoweka. Stakabadhi nyingi za mashine za siku hizi huchapwa kwa joto juu ya karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia kwa jua, kwa joto la paa la bati, hata kwa kukaa ndani ya mfuko wa nailoni. Yafaa inakiliwe siku ileile ya kununua, na nakala ibanwe pamoja na karatasi ya dhamana. Katika orodha mstari wake unabeba tarehe ya kwisha, ili mwaka ujao ufutwe bila ubishi.

Kazi hiyo yote ilichukua alasiri moja, na orodha ilijaa kurasa mbili. Inakaguliwa mara moja kwa mwaka, na maboma mengi huchagua Desemba kwa kuwa watoto wako nyumbani. Ukaguzi si kusoma orodha kwa sauti watu wakiitikia. Kila karatasi hutolewa na kuonekana, tarehe mpya ikaandikwa. Dhamana zilizokwisha hufutwa. Kadi za mikopo hutazamwa, na aliyechukua hati akakumbushwa. Waliozaliwa huongezwa, na kwa waliofariki huongezwa mstari wa cheti cha kifo. Mara ya pili kazi hii haizidi saa moja. Palipo na wake wengi, kila nyumba iwe na ukurasa wake, na ukurasa wa mashamba uwe mmoja kwa boma zima, usomwe mbele ya nyumba zote. Nimewahi kusikia hoja kwamba mambo ya ardhi yasisomwe mbele ya wake. Sikubaliani nayo, kwa sababu ile iliyoonekana katika mfano wetu: aliyekumbuka hati ilipo alikuwa mke wa pili.

Kuna mipaka ambayo lazima niitaje. Orodha si wosia, wala haimpi mtu haki juu ya shamba. Ndugu asiyeandikwa humo hajanyimwa kitu, na aliyeandika hajajipa kitu. Tena orodha ni ramani kwa mwizi. Kwa hiyo haiwekwi ndani ya sanduku lilelile, na namba za siri za benki na za simu hazitiwi humo kabisa. Nakala moja hukaa na mwenye boma, nyingine kwa mtu mzima aliye mbali, awe mwana au binti. Wenzetu wa ufukoni, ambao mwaka 2020 waliona ziwa likipanda hata likaingia majumbani, wanajua kwa nini nakala ya pili haifai kukaa katika boma lilelile. Picha ya simu inasaidia, kwani namba husomeka humo, lakini ofisi haitaichukua mahali pa hati.

Wengine wameniuliza kama orodha ya mwaka uliopita yaweza kuchomwa baada ya mpya kuandikwa. Isichomwe. Ibanwe nyuma ya mpya. Hati ikikosekana kweli, atakayeapa upotevu wake ataulizwa aliiona lini mara ya mwisho na wapi, naye atalijibu swali hilo kwa kufunua ukurasa wa nyuma na kusoma tarehe.